Posho na Mshahara: Hesabu ya Mwanagenzi kati ya Meru na Embu

Maneno mawili, posho na mshahara, aghalabu hutumiwa siku hizi kana kwamba yana maana moja, tofauti yake ikiwa ni ukubwa wa fedha tu. Asili zake hata hivyo ni mbalimbali. Mshahara ni neno lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu mwezi. Ni malipo yanayohesabiwa kwa mwandamo wa mwezi mzima. Posho nayo ilikuwa chakula. Wapagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa walipimiwa posho yao, kwa kawaida kibaba cha nafaka kwa siku, ili wapate nguvu ya kubeba mzigo hadi kambi ya kesho. Posho haikukusudiwa kumjengea mpagazi nyumba wala kumlipia mahari. Ilikusudiwa kumfikisha.

Tofauti hiyo ya kale ilimrudia akilini binti mmoja, mwalimu wa Kiswahili, mwaka wa 2025, alipokuwa mwanagenzi katika shule ya sekondari msingi huko Tigania, Kaunti ya Meru. Alikuwa na shahada, na alikuwa amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Kila asubuhi aliingia darasani sawa na mwalimu mwingine yeyote: alitahini, alisahihisha, alishika zamu. Lakini karatasi aliyotia sahihi haikutaja mshahara. Ilitaja posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja.

Kwa mtu aliyekaa nyumbani miaka miwili baada ya kuhitimu, shilingi 20,000 si haba. Jirani walimpongeza, na mamake akaombewa dua kanisani. Hata hivyo, fedha hizo hazikumfikia zote. Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF) hukata asilimia sita, yaani shilingi 1,200. Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), iliyochukua mahali pa bima ya zamani mnamo Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75, yaani 550. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ni asilimia moja unusu, yaani 300. Kodi ya mapato haimgusi mwenye kipato kama hicho. Yaliyobaki ni shilingi 17,950.

Makato hayo yana uungwana wa aina yake, kwani ni sehemu ya kile ulichopata: ukipata kidogo, hukatwa kidogo. Nauli haina uungwana huo. Mwanagenzi huyu aliishi kwa shangaziye mtaani Makutano, mjini Meru. Shule yake ilikuwa ndani kidogo ya barabara ya Maua, baada ya Kianjai. Alipanda matatu kwa shilingi 100, kisha bodaboda kwa 50. Jioni akarudi kwa njia iyo hiyo. Hizo ni shilingi 300 kwa siku. Mchana, walimu walinunua chakula katika kibanda kilicho nje ya lango la shule: githeri au chapati kwa maharagwe, pamoja na kikombe cha chai, shilingi 100. Kila siku ya kazi, basi, ilimgharimu shilingi 400 kabla hajapata faida yoyote. Kwa mwezi wenye siku 20 za masomo, hizo ni 8,000. Kati ya shilingi 17,950, akabaki na 9,950.

Kuna jambo jingine ambalo tarakimu hizo hazilionyeshi. Nauli na chakula cha mchana hulipwa asubuhi na mchana, taslimu, siku kwa siku. Posho huja mwisho wa mwezi, kazi ikishafanywa. Mwanagenzi anayeanza kazi Januari mkono mtupu hana budi kuufadhili mwezi mzima wa kazi yake kwa fedha asizo nazo. Binti huyu alikopeshwa shilingi 8,000 na shangaziye, ambaye naye alizikopa katika chama chake cha akina mama kwa riba ya shilingi kumi kwa kila mia. Posho ya kwanza ilipoingia, shilingi 8,800 zilirudi chamani siku iyo hiyo. Mwezi wa pili ukaanza na pengo lile lile, ingawa dogo zaidi. Ndivyo alivyojifunza kupima hali yake kwa tarehe badala ya kwa kiasi. Aliangalia ni siku gani ya mwezi ambapo M-Pesa yake ilisoma sufuri, akaanza kulipa nauli kwa Fuliza. Mwezi wa Februari siku hiyo ilikuwa ya kumi na moja. Machi, mvua zilipoanza na bodaboda wakaongeza nauli kutoka 50 hadi 100 kwa sababu ya matope, ikawa ya tisa. Posho ilikuwa ile ile, nao umbali ni ule ule. Kilichobadilika ni udongo.

Katika hali hiyo ndipo alipopata simu kutoka Embu. Aliyepiga alikuwa mwenzake waliyesoma naye chuo kimoja, mzaliwa wa Runyenjes, aliyekuwa akifundisha katika shule ya kibinafsi yenye bweni, viungani mwa mji wa Embu.

"Mwalimu," alisema, "hapa wanatafuta mtu wa Kiswahili kuanzia muhula wa pili. Ni elfu kumi na tano. Najua ni kidogo kuliko zako, lakini hebu zipige hesabu kwanza."

Kwa kuisikia tu, elfu kumi na tano ni pungufu kuliko elfu ishirini, na wengi wangeishia hapo. Lakini wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanagenzi alichukua daftari la maandalio ya somo, akaligeuza, akaanza kuandika upande wa nyuma.

Mshahara wa shilingi 15,000 hukatwa kwa viwango vile vile: 900 za NSSF, 412.50 za SHIF na 225 za ushuru wa nyumba. Zinabaki 13,462.50. Mwenzake hakupanda matatu, kwa kuwa shule ilimpa chumba ndani ya ua. Chai, chakula cha mchana na cha jioni vilitoka katika jiko la shule pamoja na vya wanafunzi. Kwa hiyo mwezi wa masomo ulipokwisha, yule wa Embu alikuwa na shilingi 13,462.50 mkononi, naye wa Meru alikuwa na 9,950. Mshahara mdogo ulikuwa umeipita posho kubwa kwa zaidi ya shilingi 3,500.

Hesabu hiyo ya kwanza ndiyo inayofanywa na wanagenzi wengi wanapozungumza katika chumba cha walimu, na ina kasoro. Imepima mwezi mmoja tu, tena mwezi wa masomo. Mwalimu hafundishi mwaka mzima. Kalenda ya mwaka wa 2025 ilikuwa na wiki 36 za masomo: 13 muhula wa kwanza, 14 wa pili na 9 wa tatu. Ukiondoa mapumziko ya katikati ya muhula na sikukuu, zinabaki siku 170 hivi. Katika siku nyingine zote za mwaka hakuna nauli wala chakula cha kibandani, ilhali posho huendelea kuingia kila mwezi, Aprili, Agosti na Desemba zikiwemo. Kwa mwaka, basi, posho yake baada ya makato ni shilingi 215,400. Gharama ya siku 170, kwa 400 kila moja, ni 68,000. Zinabaki 147,400.

Alimpigia mwenzake simu kumuuliza swali moja: "Mwalimu, likizo mnalipwa vipi?"

Jibu lilikuja baada ya kimya kifupi. Mkataba wa shule ile ulisema kwamba katika miezi minne ya likizo, yaani Aprili, Agosti, Novemba na Desemba, mwalimu angepata nusu. Nusu ya 15,000 ni 7,500. Makato yake nayo hayapungui kwa nusu kamili, kwa sababu SHIF ina kiwango cha chini kabisa cha shilingi 300, hata kwa anayepata kidogo namna hiyo. Zinabaki 6,637.50. Miezi minane ya mshahara kamili na minne ya nusu inafanya jumla ya shilingi 134,250 kwa mwaka. Posho ikawa imeupita mshahara kwa shilingi 13,150, kiasi kisichofika 1,100 kwa mwezi, lakini imeupita. Kilichogeuza jibu hakikuwa kiwango cha malipo wala nauli, bali idadi ya miezi iliyohesabiwa.

Usiku ule angeweza kulifunga daftari na kulala. Alizuiwa na sauti ya sufuria. Shangazi alikuwa jikoni akipakua ugali na sukuma wiki, sahani mbili, moja yake na moja ya mpwa wake, kama alivyofanya kila usiku tangu Januari. Mwanagenzi alitazama ukurasa wake juu hadi chini. Sahani ile haikuwemo. Hakikuwemo kitanda, wala chai ya alfajiri, wala maji na taa. Kila mwisho wa mwezi alimpa shangaziye shilingi 1,500 za unga na sukari, na hata hizo alikuwa amezisahau. Alikuwa ameandika kila kitu alichokilipa nje ya nyumba, akaacha kila alichopewa ndani yake.

Akaanza hesabu ya tatu. Chumba kimoja cha kawaida karibu na shule kilipangishwa kwa shilingi 3,000. Chai ya asubuhi na chakula cha jioni, kwa bei ya kujipikia, havikuweza kupungua shilingi 100 kwa siku, yaani 3,000 kwa mwezi. Malazi na chakula cha nyumbani, kwa hiyo, vilikuwa na thamani ya shilingi 6,000 kila mwezi, au 72,000 kwa mwaka. Zaidi ya nauli na chakula cha mchana vikijumlishwa! Ukiziondoa katika zile 147,400, zinabaki 75,400. Mwenzake wa Embu alikuwa tayari amepewa chumba na chakula, na wakati wa likizo alikuwa kwa wazazi wake Runyenjes. Hesabu yake haikuguswa sana. Mshahara ukaipita tena posho, safari hii kwa shilingi 58,850.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Posho ya mwanagenzi haikutosha kumlisha, kumlaza na kumfikisha kazini. Kilichofanya ionekane kutosha ni mtu wa tatu ambaye jina lake halimo katika mkataba. Kwa wengine mtu huyo ni mzazi, kwa wengine ni kaka au mume. Kwa huyu alikuwa shangazi muuza mboga katika soko la Gakoromone. Kati ya zile shilingi 6,000 za kila mwezi, mpwa alirudisha 1,500, na shangazi akabeba 4,500. Waswahili husema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuwa amekaa zaidi ya siku 100, na jembe alilopewa lilikuwa la mtu mwingine.

Inafaa kuongeza, kwa ajili ya haki, kwamba chumba cha Embu nacho hakikuwa cha bure. Anayelala ndani ya ua wa shule huamshwa mtoto anapougua usiku. Mwenzake alisimamia masomo ya jioni hadi saa tatu, na Jumamosi alifundisha hadi adhuhuri. Tena chumba hicho si hisani tupu, kwani kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa makao yanayofaa, au amlipe kiasi cha kutosha kupanga. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume kwa mkataba wa kudumu hupata marupurupu ya nyumba na ya usafiri juu ya mshahara wake. Mwanagenzi, anayefanya kazi ile ile katika chumba kile kile cha walimu, alikuwa na ile posho peke yake.

Suala hilo lilikuwa limekwisha kufika mahakamani. Mnamo Aprili 17, 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jijini Nairobi iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini, haki inayolindwa na kifungu cha 41 cha Katiba. Mwezi uliofuata wanagenzi wa sekondari msingi waligoma na kuandamana. Mnamo Januari 2025, wanagenzi 46,000 waliokuwa wamehudumu walipewa ajira ya kudumu, na wengine 20,000 wakaingizwa kwa mkataba wa uanagenzi. Binti wa Tigania alikuwa mmoja wa hao walioingia nyuma ya waliotoka.

Ndiyo maana shilingi 58,850 hazikumaliza shauri. Kwake zilikuwa bei ya kitu fulani, na kitu hicho kilikuwa tumaini la kuthibitishwa. Wale 46,000 walikuwa ushahidi kwamba mlango ulikuwepo na uliwahi kufunguliwa. Mkataba wake wenyewe haukuahidi kwamba utafunguka tena. Angeenda Embu, angepata nafuu ya leo na kukaa mbali na mlango huo. Angebaki, angekuwa anaulipia kila mwezi, na sehemu kubwa ya malipo hayo yangetoka katika mkoba wa shangazi. Kuamua peke yake kungekuwa ni kutumia fedha za mtu bila kumwomba. Akamwonyesha shangazi daftari.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akaomba asomewe tena mstari wa 4,500. Kisha akacheka.

"Kumbe mimi nami huwa nalipa mwalimu wa serikali!" akasema. "Na hakuna aliyeniandikia barua."

Alipomaliza kucheka, alizungumza kwa upole: "Mwanangu, kukulisha hakunichoshi. Ninachokiona ni wewe kutoka saa kumi na moja unusu na kurudi giza limeingia, umechoka, vitabu vya watoto hujavifungua. Ukiacha, acha kwa sababu hiyo. Usiache kwa sababu ya sahani yangu."

Maneno hayo yalimfunulia kipimo ambacho hakikuwa katika ukurasa wowote. Matatu haiondoki Makutano mpaka ijae, na kutoka Kianjai haiondoki mpaka ijae. Kwenda na kurudi kulimla saa tatu kila siku. Kwa siku 170, hizo ni saa 510, na hakuna aliyezilipia. Yeye aliyekuwa akitafuta pa kupunguza shilingi alikuwa hajatafuta pa kupunguza njia.

Uamuzi wake ulikuwa wa katikati. Mwanagenzi mwingine shuleni alikuwa amepanga chumba umbali wa dakika kumi kwa miguu. Wakakubaliana kugawana kodi, shilingi 1,500 kila mmoja. Kuanzia muhula wa pili alilala huko Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa akarudi kwa shangazi. Nauli yake ikashuka kutoka shilingi 1,500 kwa wiki hadi 300. Baada ya kuongeza kodi na chakula cha jioni cha siku nne, alichookoa hakikuwa kikubwa: takriban shilingi elfu moja kwa mwezi. Hata hivyo, mara nne kwa wiki sahani moja ilipungua katika jiko la Makutano, na insha za wanafunzi zikasahihishwa mchana wa jua badala ya usiku wa manane. Mwezi wa Juni, tarehe ya sufuri ilisogea kutoka ya tisa hadi ya kumi na nane. Alimshukuru mwenzake wa Embu, na nafasi ile ikachukuliwa na mwingine.

Ukurasa ule wa nyuma ya daftari ungalipo, nao una mistari mitatu iliyopigiwa msitari chini. Wa kwanza unauliza kinachobaki kwa siku moja ya kazi, baada ya kufika na kula. Wa pili unauliza malipo ni ya miezi mingapi kati ya 12. Wa tatu unauliza ni nani anayejaza kilichopungua, na kama anajua. Chini yake, kwa wino mwingine, mwanagenzi aliongeza maana ya neno posho kama alivyoielewa mwaka huo: chakula apimiwacho msafiri ili afike kambi inayofuata. Mbele ya neno "kambi" aliweka alama ya kuuliza.